Umeomba Mwaka Mzima na Mzigo Haujatoka: Je, Umwendee Mshauri?



Kuna swali ambalo hunifikia mara nyingi, kwa ujumbe wa simu usiku au mlangoni watu wakishatawanyika baada ya ibada. Anayeuliza hushusha sauti. "Pasta, nimeomba, nimefunga, nimewekewa mikono. Ni zaidi ya mwaka sasa na kila asubuhi naamka na jiwe kifuani. Nikienda kwa mshauri, nitakuwa nimeacha kumwamini Mungu?"

Jibu langu ni fupi: hapana. Lakini jibu fupi halimsaidii mtu ambaye Jumatatu asubuhi hawezi kuondoka kitandani. Kwa hiyo leo nataka ukae nami kidogo nikuonyeshe, hatua kwa hatua, jinsi maombi na ushauri nasaha vilivyotembea pamoja kwa dada mmoja wa hapa kwetu Matasia. Ameniruhusu nisimulie. Jina lake silitaji, na mambo mengine nimeyabadilisha ili hata jirani yake asimtambue.

Dada huyu ana miaka 38. Alikuwa na kibanda cha mboga kando ya barabara iendayo Kiserian. Mamake aliugua saratani kwa miaka miwili, na yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali, akimlisha na kumwosha. Mama alipofariki, kulikuwa na deni la chama, mikopo ya simu, na karo ya watoto wawili. Akajikaza, akazika vizuri, akashukuru waombolezaji. Miezi mitatu baadaye akafunga kibanda. Alipokuja kuniona, ilikuwa imepita miezi 14 tangu mazishi.

Nataka uone jambo moja. Dada huyu hakuwa amerudi nyuma kiroho. Alikuwa kwenye kila kesha ya Ijumaa. Alikuwa anafunga Jumatano na Ijumaa bila kula wala kunywa. Kama ni maombi, alikuwa anaomba kuliko wengi wetu. Na bado alikuwa analala saa tatu tu usiku, amekonda, na watoto wake walikuwa wamejifunza kupika wenyewe.

Kwanza tulipima

Huzuni si ugonjwa. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro, na hakuna aliyemwambia atafute daktari. Mtu aliyefiwa atalia, atakosa usingizi, atakosa hamu ya chakula, kisha polepole maisha yatamrudisha. Tunachotafuta ni pale ambapo hayamrudishi.

Wahudumu wa afya wana hojaji ndogo ya maswali tisa ambayo hutumika katika nchi nyingi, na hapa Kenya pia. Inauliza kuhusu majuma mawili yaliyopita: ni mara ngapi umekosa raha katika mambo uliyoyapenda, umekuwa na moyo mzito, umeshindwa kulala au umelala kupita kiasi, umechoka, umekosa hamu ya kula, umejiona hufai, umeshindwa kutuliza mawazo kwenye jambo moja, umekuwa mzito au umehangaika bila kutulia, na umewaza kwamba ni heri ufe au ujidhuru. Kila swali lina alama kutoka 0, yaani hapana kabisa, hadi 3, yaani karibu kila siku. Jumla ya juu kabisa ni 27. Kuanzia 10, mtu anahitaji kuangaliwa kwa makini. Dada yetu alipata 17.

Mimi si daktari, na hojaji ile si ya pasta kutoa hukumu. Ni mhudumu wa hospitali aliyemuuliza, na alifanya jambo lingine ambalo maombi peke yake hayafanyi: alitoa damu ikapimwe. Uchovu, baridi mwilini, moyo mzito na kukonda vinaweza kuletwa na upungufu wa damu, na tezi ya shingoni ikifanya kazi vibaya huweza kuiga dalili hizo hizo. Tezi yake ilikuwa sawa. Damu ilikuwa pungufu kidogo, akapewa vidonge vya madini ya chuma. Hilo halikuwa chanzo cha yote, lakini lilikuwa mzigo mmoja ambao ungeweza kutuliwa.

Swali la tisa nilikuwa nimemuuliza mimi mwenyewe siku ya kwanza, kwa lugha wazi: "Dada yangu, kuna wakati unawaza kujiua?" Wachungaji wengi huliogopa swali hili, wakidhani watampandia mtu wazo. Sivyo. Mtu mwenye wazo hilo amelibeba peke yake kwa muda mrefu, na kuulizwa kwa upole humpunguzia upweke. Aliniambia kuna asubuhi anatamani asingeamka, lakini hana mpango wala njia aliyoitayarisha. Tofauti hiyo ni kubwa. Mwenye mpango hatuachani naye hata dakika moja: tunaondoa sumu, dawa na kamba nyumbani, na tunampeleka hospitali siku hiyo hiyo.

Na kama ulikuwa unaogopa polisi, ujue pia kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba yetu. Sema ukweli kwa daktari ili upate msaada.

Mikutano mitano na mshauri

Daktari na dada wakakubaliana waanze na ushauri nasaha, kisha wapime tena baada ya majuma matano. Alama zisiposhuka, wazungumze kuhusu dawa.

Njia aliyofuata mshauri si ngeni hapa kwetu. Shirika la Afya Duniani liliiandaa kwa ajili ya watu wenye dhiki nyingi kwa pamoja, na mwaka 2015 ilijaribiwa katika vitongoji vya Nairobi kwa wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Waliowahudumia hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa wahudumu wa afya wa kijamii waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Miezi mitatu baada ya matibabu, wanawake waliopitia mikutano hiyo walikuwa na dhiki pungufu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Ni mikutano mitano, mmoja kwa juma, kama saa moja na nusu kila mmoja, na ndani yake kuna mambo manne.

La kwanza ni kupumua. Usicheke. Mtu mwenye hofu ya muda mrefu hupumua juu juu kwa kifua, na mwili wake unakaa kama unaokimbia simba. Mshauri alimfundisha kupumua kwa tumbo, polepole, akihesabu hadi tatu akivuta na hadi tatu akitoa, kwa dakika chache, asubuhi na jioni. Dada akaniuliza kwa wasiwasi kama hayo si mambo ya dini za mashariki. Nikamwambia pumzi ni ya Mungu. Hakuna mtu anayemwomba mungu mwingine kwa kutuliza kifua chake. Akaanza kuyafanya kabla ya maombi ya asubuhi, na baada ya juma moja akasema kwa mara ya kwanza anaweza kumaliza kuomba bila moyo kumwenda mbio.

La pili ndilo lililonifundisha mengi kama mchungaji, kwa hiyo nilipe nafasi. Mshauri alimwambia ataje kila kinachomsumbua, kisha wakayapanga. Haya yanaweza kutatuliwa, hata kama ni kwa sehemu. Haya hayawezi kutatuliwa. Haya si ya muhimu kwa sasa. Deni la chama likaingia kundi la kwanza. Kifo cha mama kikaingia la pili. Maneno ya shemeji kwenye mazishi yakaingia la tatu.

Sasa fikiria jinsi dada alivyokuwa anaomba kabla ya hapo. Alikuwa anapiga magoti saa nane usiku, na deni, mama, karo, shemeji na dhambi za zamani vyote vinapita kichwani kwa mzunguko, tena na tena, mpaka alfajiri. Alidhani anaomba. Kwa kweli alikuwa anawaza akiwa amepiga magoti. Unaweza kuitambua tofauti. Maombi, hata ya machozi, hufika mahali: umemkabidhi Mungu neno, umenyamaza, umeinuka. Mawazo ya kuzunguka hayafiki popote. Ukimaliza umechoka kuliko ulipoanza, na sentensi uliyoanza nayo ndiyo uliyomalizia.

Basi tukatumia ile karatasi ya mshauri kwenye maombi. Kwa jambo linaloweza kutatuliwa, aliombea hatua moja tu: "Bwana, nipe ujasiri wa kumpigia mweka hazina wa chama kesho saa nne." Kisha anainuka. Kesho saa nne anapiga simu. Alipopiga, chama kikakubali alipe kidogo kidogo kila mwezi, na deni lililokuwa likimnyima usingizi likawa hesabu ya daftari.

Kwa jambo lisiloweza kutatuliwa, hakuombea hatua. Aliomboleza. Nilimpa Zaburi ya 88 aisome peke yake. Ukiifungua utaona ni ya ajabu: inaanza gizani na inaishia gizani, haina mstari wa shangwe mwishoni kama zaburi nyingine. Na bado imo ndani ya Biblia. Maana yake Mungu anapokea ombi lisilo na ushuhuda bado. Dada alilia juu ya zaburi ile kuliko alivyolia siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi alikuwa anahudumia wageni.

Jambo la tatu ni kuanza kutenda kabla ya kusikia hamu. Mtu mwenye sonona huacha mambo moja baada ya jingine, kwa sababu hana nguvu. Kadiri anavyoacha, ndivyo anavyokosa vitu vya kumpa furaha au heshima, na ndivyo nguvu inavyozidi kupungua. Ukimngoja apate hamu, mtangoja sana. Mshauri akamwomba achague jambo dogo na alipangie siku na saa. Hawakuanza na kufungua kibanda. Walianza na kuoga na kuvaa kabla ya saa mbili, siku tatu kwa juma. Juma la pili, kutembea na jirani hadi dukani. Juma la tatu, kuuza sukuma wiki saa mbili tu, siku ya Jumanne, kisha kufunga hata kama wateja wapo. Alinishangaza alipoona aibu kuleta kwangu habari ndogo kama ile ya kuoga. Nikamwambia hiyo ndiyo habari niliyokuwa naingoja.

La nne ni watu. Tutalirudia, kwa sababu hapo ndipo kanisa linaweza kuponya au kujeruhi.

Mpendwa, kama bado unaona mambo haya ni ya kidunia, fungua 1 Wafalme sura ya 19 usome taratibu. Eliya ametoka kushinda Karmeli, na sasa yuko chini ya mti jangwani akiomba afe. Mungu hakumkemea, wala hakumpa unabii. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akampa mkate na maji, akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala tena. Kisha ikaja safari ya siku 40 kwa miguu. Ndipo Mungu akamuuliza swali na kumsikiliza, na Eliya akarudia malalamiko yale yale mara mbili bila kukatizwa. Mwishoni akapewa kazi mahususi, na akapewa Elisha wa kutembea naye. Usingizi, chakula, mwendo, kusikilizwa, kazi, mwenzake. Mungu mwenyewe ndiye aliyempangia utaratibu huo, na sauti ya utulivu ilikuja katikati yake.

Kesha, kufunga na ushuhuda

Hapa naomba tuzungumze kama familia, maana ni mambo yetu sisi wapentekoste.

Kesha kwanza. Dada alikuwa anakesha kila Ijumaa, na usiku mwingine anakosa usingizi hata akitaka. Mshauri alitaka ajenge saa ya kulala na saa ya kuamka isiyobadilika. Nikamwambia kwa miezi mitatu asije kesha. Aje maombi ya Jumamosi saa nne asubuhi. Kwake yeye kulala ilikuwa sehemu ya tiba, na kuna watu ambao kwao jambo hili ni zito zaidi. Mtu mwenye ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi anaweza kusukumwa kwenye kipindi cha kupanda kwa kukosa usingizi usiku mmoja au miwili tu. Utamwona baada ya kesha amejaa nguvu za ajabu, hahitaji kulala, anaongea bila kupumzika, anagawa pesa, anapokea ufunuo kila dakika. Kanisa linaweza kudhani ni upako. Ukiona mtu hajalala usiku wa tatu na hachoki, huyo anahitaji hospitali leo.

Kufunga. Kwa mtu aliyekonda kwa sonona, kufunga humwondolea kile kidogo alichobaki nacho. Kwa anayetumia dawa fulani, kunaweza kuwa hatari ya maisha. Kuna dawa ya lithiamu wanayopewa baadhi ya wagonjwa ili kutuliza hisia. Mwili ukikosa maji na chumvi, kiwango chake kwenye damu hupanda hadi kuwa sumu: mikono inatetemeka sana, mtu anatapika, anaharisha, anayumba, anachanganyikiwa. Mgonjwa wa namna hiyo asifunge bila maji hata siku moja pasipo kuzungumza na daktari wake. Mimi sasa, kabla ya mfungo wa kanisa, hutangaza kwamba anayetumia dawa yoyote ya kila siku aje tuzungumze kwanza. Kuna vitu vingine vya kufunga. Dada yetu alifunga simu baada ya saa mbili usiku, na hiyo ilimgharimu kuliko chakula.

Ushuhuda. Tunapenda kusikia "nilikuwa hivi, sasa niko hivi." Lakini mtu aliye katikati ya safari akiitwa mbele akasema amepona, kesho yake ana mtihani mgumu: akimeza dawa, atajiona mwongo. Kwa hiyo anaacha. Hapa lazima ujue jinsi dawa za sonona zinavyofanya kazi. Hazitulizi kichwa kama dawa ya maumivu. Huchukua majuma kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, na mara nyingi madhara madogo kama kichefuchefu hutangulia nafuu. Nafuu ikija, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kuendelea nazo mpaka mtu akae miezi 9 hadi 12 bila dalili au akiwa na dalili chache mno, kisha kupunguza polepole chini ya uangalizi. Anayeacha ghafla kwa sababu amejisikia vizuri Jumapili anaweza kupata kizunguzungu na wasiwasi, na sonona ikarudi. Basi hapa kwetu hatuombi ushuhuda wa uponyaji wa akili madhabahuni mpaka mwenyewe na daktari wake waridhike. Na hakuna muombeaji wa kanisa hili mwenye ruhusa ya kumwambia mtu atupe vidonge.

Utaniuliza, "Pasta, na mapepo?" Naamini Maandiko yote, na ninaombea watu. Lakini naomba nikuachie utaratibu: maombi hayachukui nafasi ya uchunguzi. Anayesikia sauti zinazomwamuru, anayekataa kula na kunywa, mama aliyejifungua juzi na ghafla hatambui watu, hao tunawaombea ndani ya gari tukiwa njiani kwenda hospitali. Hatuwafungi, hatuwapigi, hatuwanyimi chakula. Kule Makueni, Profesa David Ndetei, Dkt. Victoria Mutiso na wenzao waliwafundisha waombeaji na waganga wa kienyeji kutambua dalili na kuwatuma wagonjwa kliniki. Waombeaji hawakuambiwa waache imani yao. Walionyeshwa mahali pa kushikana mkono na mhudumu wa afya.

Watu wanaomzunguka

Nimerudi kwenye jambo la nne. Mshauri alimuuliza dada, "Ni nani unaweza kumwambia ukweli?" Akafikiri, akataja wawili: jirani yake, na mama mmoja mzee wa kanisa. Hao tu. Hakutaja kikundi cha maombi, na sababu yake ilikuwa nzuri. Ombi likiwekwa kwenye kundi la WhatsApp, kufikia jioni limefika Ngong na limerudi na nyongeza.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Yule mama mzee alikwenda kwake kila Alhamisi. Kazi yake ilikuwa tatu tu: kukaa, kupika pamoja naye, na kuomba kwa muda mfupi. Nilimwomba asitoe mahubiri, asimwambie kwamba wengine wamepitia makubwa, na asimuulize kama ameanza kujisikia vizuri. Jirani alichukua watoto Jumanne jioni. Mimi niliomba naye mara moja kwa juma, dakika kumi, na sikumuuliza alichozungumza na mshauri. Mshauri naye hakuniambia. Siri ya chumba kile ni yake. Nilichohitaji kujua ni jambo moja, kama yuko salama, na hilo alikuwa amekubali niambiwe.

Hapo ndipo utaona kila mmoja alikuwa na kazi yake. Mshauri hakuweza kumwambia kwamba mamake yu mikononi mwa Bwana. Hilo ni letu. Nami sikuweza kumfundisha kupanga juma lake hatua kwa hatua na kupima kama linafanya kazi. Hilo amelisomea mwenzangu. Mkichagua mshauri, muulizeni amesomea wapi, amesajiliwa wapi, na nani humsimamia. Na asiyeheshimu imani yako, au anayeitaka kuwa dawa pekee, unaweza kumwacha kwa amani ukatafuta mwingine.

Alifika wapi

Baada ya juma la tano, alama zake zilishuka kutoka 17 hadi 11. Daktari na dada wakakubaliana kuendelea bila dawa, kwa mikutano miwili zaidi. Kama zingebaki 16 au 17, angeanza dawa, na ningemtia moyo kuzimeza. Mwezi wa tatu zilikuwa 6. Kibanda kinafunguliwa siku nne kwa juma.

Lakini nisikufiche. Ilipofika siku ya kumbukumbu ya kifo cha mama, usingizi ulikatika tena kwa majuma mawili, na akaogopa kwamba yote yamerudi mwanzo. Hayakurudi. Mshauri alikuwa amemwandaa: waliandika mapema dalili zake za kwanza, ambazo kwake ni kuacha kuoga asubuhi na kutojibu simu, na wakaandika atafanya nini akiziona. Akarudi kwenye kupumua, akampigia yule mama mzee, akafungua ile Zaburi. Deni la chama bado analilipa. Mama bado hayupo, na bado kuna Jumapili anakaa kiti cha nyuma akilia wakati wa sifa. Hatumsogezi mbele.

Sasa wewe unayesoma. Kama mambo yale tisa yamekukalia zaidi ya majuma mawili, na kazi au watoto wameanza kuumia, usingoje kesha ijayo. Nenda hospitali iliyo karibu, waambie wakupime damu na wakuulize maswali hayo. Mchukue mtu mmoja wa kwenda naye. Kama usiku wa leo unawaza kujiua, usikae peke yako: mwamshe mtu aliye nyumbani, au piga 1199, laini ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Na ukitaka niombe nawe, niandikie kwa siri, usiweke habari zako hapa chini.

Bwana Yesu, uliyelia kaburini, mkumbuke anayesoma haya akiwa amechoka. Mpe usingizi usiku wa leo. Mpe chakula kesho, na mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Wape hekima wanaomhudumia. Na pale ambapo jibu halijaja, kaa naye gizani. Amina.